Wadogo zangu, hiyo nafuu ya uchakavu mnaidai kwa nani?

Wiki hii nimekagua majedwali matatu ya miradi kutoka kwa vijana wetu wapya. Yote matatu yana kosa nililolifanya mimi nikiwa na umri wenu, mpaka seli ni ileile. Nimecheka, kisha nikakasirika, kisha nimekaa kuandika.

1. Kabla ya kufungua jedwali, uliza mradi utalipa kodi ya makadirio inayokatwa kwenye mauzo, au kodi ya faida. Usiulize kiwango kwanza. Asilimia 3 ya mauzo inaonekana kama sadaka ukiilinganisha na asilimia 30 ya faida, lakini gawanya 3 kwa 30: faida ikiwa chini ya asilimia 10 ya mauzo, hiyo ndogo ndiyo inayouma zaidi.

2. Sasa aibu yangu. Mteja alitaka kununua mashine ya milioni 100, ya kufanya kazi miaka mitano na kuisha bila thamani. Mauzo yalikuwa milioni 80 kwa mwaka, gharama za fedha taslimu milioni 50. Alikuwa kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3. Mimi nilikuwa na jedwali la zamani nililorithi kwa kaka mmoja ofisini, nikilipenda kama urithi wa babu. Kanuni yake mnaijua:

(M − G)(1 − t) + U × t

Mauzo toa gharama, baada ya kodi, jumlisha uchakavu mara kiwango cha kodi. Nikabadilisha sehemu ya kwanza kwa uangalifu mkubwa: 80 toa 50 toa kodi ya mauzo 2.4, inabaki 27.6. Ile ya mwisho sikuigusa. Ikaendelea kuniletea uchakavu wa mwaka, 100 kwa miaka 5, yaani 20, × 30%: milioni 6 kila mwaka. Jumla 33.6. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12, thamani halisi ya sasa ikatoka milioni 21 chanya. Nikachapa ripoti, nikaitia jalada, na mezani nikaisoma kwa sauti ya mtu anayetegemea kupandishwa cheo.

Afisa mikopo, mama mtulivu, akaweka kalamu juu ya ile 6. “Mwanangu, hii inatoka wapi?” Nikamjibu kwa kujiamini: nafuu ya kodi ya uchakavu, mama. Akauliza, “Kodi yenu inahesabiwa kwenye mauzo. Uchakavu unapunguza mauzo?” Mteja akanigeukia. Hakuna sehemu ya kuficha uso kwenye chumba cha mikutano, nawaambia.

Uchakavu hupunguza kodi kwa sababu tu unapunguza faida inayotozwa. Msingi wa kodi ukiwa mauzo, uchakavu hauna pa kushika. Toa ile 6, ubaki na 27.6, na thamani halisi ya sasa inakuwa hasi kidogo, kama nusu milioni. Nilichoita mradi mzuri kilikuwa milioni 21 za nafuu isiyokuwepo.

Na haikuishia hapo. Ile asilimia 12 niliipata kwa kuchanganya nusu mtaji wa mwenyewe kwa 17 na nusu mkopo wa riba ya 10, ambayo niliishusha hadi 7 kwa nafuu ya kodi. Riba nayo haipunguzi mauzo! Kiwango sahihi kilikuwa 13.5, na shimo likafika milioni 4. Kosa moja, seli mbili. Basi mkifuta nafuu moja, tafuteni pacha wake.

3. Msikimbilie kusema kodi ya mauzo ni mbaya. Mradi huohuo kwenye kodi ya faida ungelipa 3 badala ya 2.4. Tatizo la kodi ya mauzo huonekana mwaka mbaya: mauzo yakiwa 40 na gharama 45, unalipa 1.2 huku unavuja damu, na kwa kawaida hasara hiyo haikusaidii mwaka ujao.

4. Angalieni kikomo cha mauzo, ule mstari ambao mteja akiuvuka anahamia kodi ya faida. Kijana wangu mmoja (anajijua, leo kanikwepa kwenye ngazi) alipima mradi wa mauzo 80 kwa mteja ambaye tayari anauza 60, kikomo kikiwa 100. Kodi ya mauzo akaiweka miaka yote mitano! Mradi ndio unaomvusha mteja mstari. Biashara ya zamani, yenye faida ya 15, inatoka kulipa 1.8 na kuanza kulipa 4.5. Hiyo tofauti ya 2.7 ni gharama ya mradi mpya, ibebwe humo. Akirudisha jedwali, aweke pia safu ya mfumo wa kodi kwa kila mwaka, na ile seli ya 30% aliyonakili kwangu aifute.