Juri ikiuliza anketi iko wapi

"Ndugu zangu, natetea projeti ya tezi ya sheria hapa Bukavu. Wakiniuliza mbona siendi kuhoji wakulima wa Kabare, nijibu nini?"

Ndugu, swali lako ndilo linaloamua njia. Ukiuliza kama haki za mila juu ya ardhi zinaheshimiwa Kabare, umeahidi anketi. Uliza hivi: kifungu cha 389 cha sheria ya ardhi ya 1973 kiliachia amri ya Rais kupanga haki za jamii za wenyeji, kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Je, haki hizo ni mali? Mahojiano mia hayajibu hilo. Maandishi ya sheria na hukumu ndiyo yanajibu. Ila eleza utachagua hukumu za mahakama zipi, miaka ipi, na kwa nini: wengi huanguka hapo. Na usiandike kwamba sheria "haifuatwi". Neno hilo linadai ushahidi wa mashambani.