Keki ya jiko la mkaa: moto mwingi ukae juu ya mfuniko

"Naishi Sakina, Arusha, chumba kimoja, nina jiko la mkaa tu. Nimeoka keki mara mbili kwenye sufuria: chini imeungua, juu ni nyeupe na imelowa, katikati imedidimia. Vipimo ni vya mama yangu aliyeko Tanga, na kwake inatoka vizuri. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, hapo una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Kuungua chini na kulowa juu kunatokana na moto. Kudidimia katikati, kwa mtu aliyepanda Arusha na vipimo vya Tanga, nashuku zaidi vipimo. Nimezaliwa Moshi, nikajifunza kuoka kwenye jiko la mama pale Pasua, na nilipohamia Arusha keki zangu nne za mwanzo zilishuka kama yako.

Tuanze na moto. Watu wengi huweka makaa chini tu, kama wanapika wali. Kitako cha sufuria kinapata moto mkali, lakini mfuniko unabaki wa baridi. Mvuke unaotoka kwenye keki ukigusa mfuniko wa baridi unageuka maji, yanadondoka, na ndiyo hayo yaliyolowesha keki yako. Ukiweka makaa juu ya mfuniko, bati linakuwa la moto kiasi kwamba mvuke haupati pa kugandia, nao uso wa keki unapata moto wa kuukausha na kuupa rangi. Kwa hiyo gawa makaa sehemu tatu: mbili zikae juu, moja chini. Mara ya kwanza utaona kama umekosea, lakini usiongeze chini.

Mimi natumia sufuria kubwa kuukuu, maana itaharibika rangi na huenda ikapinda kitako. Ndani namwaga mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili. Huu mweusi wa huku kwetu unafaa, ila uchekeche kokoto na uuanike kwanza. Ukiwa na unyevu utakutolea mvuke tena ndani. Kazi ya mchanga ni kupokea ukali wa makaa na kuutoa polepole. Juu ya mchanga ndipo inakaa sufuria ndogo yenye keki, na pembeni yake pabaki nafasi ya vidole viwili ili hewa ya moto izunguke. Kufunikia, tafuta sinia la bati lenye kingo, pana kuliko mdomo wa sufuria kubwa, makaa yasije yakadondokea ndani.

Washa mkaa na usubiri uive wote, mpaka vipande vishike majivu meupe kwa nje. Kwa sufuria ya keki yenye upana wa sentimita 20 natumia vipande saba chini na kumi na nne juu, kila kimoja kama yai la kuku. Usipepee tena baada ya hapo.

Kabla ya kuingiza keki, pasha sufuria kubwa na mchanga wake, imefunikwa na makaa yakiwa juu, kwa robo saa. Kisha nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye kifuniko cha kopo, uweke juu ya mchanga, funika. Baada ya dakika tano angalia. Ukiwa wa rangi ya dhahabu, moto umefika. Ukiwa kahawia iliyokoza au unanuka kuungua, toa makaa mawili ya chini na usubiri. Ukibaki mweupe, ongeza juu. Kipimo hiki kimeniokolea mayai mengi.

Sasa kudidimia. Tanga iko usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki mita 1,000, na Arusha mjini iko takriban mita 1,400. Huku juu hewa haikandamizi kama kule pwani, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda inavimba zaidi kuliko pwani. Keki inaumuka haraka, vipovu vinapasuka kabla mayai na unga havijashika, na katikati panashuka. Maji nayo yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo unyevu unatoka upesi. Mama yako hajakosea chochote. Vipimo vyake ni vya pwani.

Keki niliyooka kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wangu ilikuwa hivi: unga gramu 250, siagi gramu 125, mayai matatu, iliki iliyotwangwa. Kule Moshi nilikuwa natia sukari gramu 180, bekingi pauda vijiko viwili vya chai na maziwa mililita 120. Kwa Arusha nilishusha sukari ikawa gramu 150, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu, na maziwa nikayapandisha hadi mililita 150. Sukari naipunguza kwa sababu ikizidi inachelewesha keki kushika. Sufuria ndogo niliipaka siagi, nikainyunyizia unga, nikajaza mchanganyiko nusu tu.

Niliingiza keki, nikafunika, nikakaa nusu saa bila kufunua sinia. Hapa ndipo wengi wanaharibu: ukifunua mapema hewa ya baridi inaingia wakati keki bado laini, nayo inashuka hata kama vipimo ni sahihi. Kilichobadilika ni makaa tu. Kwenye dakika ya ishirini ya juu yalikuwa yamepungua, nikaongeza vipande vinne vilivyokwisha kuwaka jikoni kwa jirani. Usiweke mkaa mbichi juu, unachelewa kushika na unapoza bati. Upepo wa kibarazani ulikuwa unachochea upande mmoja, nikaizungusha sufuria robo mzunguko kila baada ya dakika kumi. Dakika ya 45 nilichoma kijiti katikati, kikatoka na utelezi. Ya 52 kikatoka kikavu.

Ukipata keki iliyoshuka tena, ikate uangalie ndani. Yenye matundu makubwa na makavu ilizidi bekingi pauda. Yenye utepe mzito unaonata karibu na kitako haikuiva, au ilifunuliwa mapema. Iliyopasuka juu kama udongo wa kiangazi ilipata moto mkali wa juu mwanzoni: gamba lilikauka kabla ya ndani kumaliza kupanda. Hiyo ya mwisho inalika vizuri. Siku nyingine anza na makaa kumi juu, uongeze baadaye.

Kwa kuwa unaishi chumba kimoja, nakuomba sana jambo hili. Okea nje au kibarazani, hata Julai baridi ikikubana. Mkaa ulioiva hauna moshi wala harufu, lakini unatoa gesi inayoua, na keki inachukua karibu saa nzima. Na usiku usiliingize jiko ndani kuota moto kwa makaa yaliyobaki.

Ikiiva, ondoa sinia kwa uangalifu, ukiliinua wima ili majivu yasimwagike, shika sufuria ndogo kwa vitambaa vizito, uitoe kwenye mchanga mara moja. Mchanga unabaki wa moto muda mrefu, na ukiiacha humo kitako kitaendelea kuiva mpaka kiungue. Iache ipoe dakika kumi, pitisha kisu pembeni, halafu ndipo uipindue.