Kalori unazoandika na kalori unazokula: kosa linatoka wapi

Anayeanza kuhesabu kalori kwa kawaida huishuku lebo kwanza. Lebo ina makosa yake, lakini mara nyingi kosa kubwa zaidi hutokea baada ya chakula kutoka kwenye pakiti: kwenye sufuria, kwenye kijiko cha mafuta, na kwenye jina unalolichagua ndani ya programu ya simu. Kwa hiyo tuimalize lebo haraka, kisha tukae jikoni.

Namba ya kalori kwenye lebo kwa kawaida haitokani na kuchoma chakula kwenye maabara. Hupatikana kwa hesabu: gramu moja ya protini ni kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9, na ya kileo 7. Viwango hivi vinatokana na kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na ni wastani wa vyakula vya kila aina vikichanganywa. Kwa chakula kimoja kimoja, wastani unaweza kukosea. Mfano mzuri ni lozi. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima nguvu ambayo mwili wa mtu unaipata kutoka kwenye lozi nzima, wakaona gramu 28 zinatoa takriban kalori 129, ilhali hesabu ya kawaida inatoa karibu 170. Sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya chembe za lozi ambazo meno na tumbo havikuzivunja, ikatoka na choo. Hata hivyo, usipunguze namba za kila mbegu na karanga kwa sababu ya matokeo haya. Zikisagwa laini, mafuta mengi zaidi hupatikana.

Juu ya hesabu hiyo kuna ruhusa ya kisheria. Kwa kanuni za Marekani, pakiti hailaumiwi mpaka kalori zilizopimwa maabara zizidi zilizoandikwa kwa zaidi ya 20%. Maana yake, pakiti iliyoandikwa 250 inaweza kuwa na 300 na bado ikawa halali. Hiyo ni mipaka tu, si hali ya kila siku. Bidhaa nyingi huwa karibu zaidi na lebo yake. Ila kuna mtego mdogo wa kuzungusha namba: kiasi cha mlo mmoja chenye kalori chini ya 5 kinaruhusiwa kuandikwa 0. Ndiyo maana mafuta ya kupulizia kikaangoni yanaweza kusoma sifuri. Kiasi cha mlo mmoja kwenye lebo yake kinaweza kuwa robo gramu, yaani kalori 2 na kidogo. Ukipuliza mpaka kikaango kilowe gramu 4, umeshaweka kalori 36, na programu itaendelea kuandika 0.

Sasa jikoni. Tuchukue sahani moja: wali gramu 250, kidari cha kuku kilichoiva gramu 150, na mafuta yaliyotumika kukikaanga. Vyote vya kupima kwa mizani, mtu makini kabisa.

Kwenye wali, Kiswahili kinatusaidia kuliko orodha za programu. Sisi tuna mchele na tuna wali, maneno mawili kwa vitu viwili. Kwenye programu nyingi utakuta neno moja, `rice`, na tofauti imefichwa mwishoni: `raw` au `dry` kwa mchele, `cooked` kwa wali. Mchele una karibu kalori 360 kwa gramu 100. Wali mweupe karibu 130, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukipima wali gramu 250 ukachagua `raw`, unaandika 900 badala ya 325. Kosa hili ni kubwa kiasi kwamba wengi huligundua siku ya kwanza. Linalojificha ni la pili: hiyo 130 ni ya wali wa kiasi fulani cha maji, na wako si lazima uwe hivyo.

Namna ya kulimaliza ni kuupima mchele mkavu kabla ya kuuosha. Tuseme ni gramu 300, sawa na kalori 1,080. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake mahali hautapotea. Wali ukiiva, pima sufuria na wali, toa uzito wa sufuria. Ukibaki na gramu 840, basi kila gramu ya wali ina kalori 1.29, na sahani yako ya gramu 250 ina kalori 321. Lakini ukiupika mkavu zaidi, ukapata gramu 720, kila gramu inabeba 1.5, na gramu 250 zile zile ni kalori 375. Mchele ni ule ule, mizani ile ile. Maji tu ndiyo yamebadilika, na programu isingeweza kujua.

Kwa kuku mambo hugeuka, kwani nyama hupoteza maji inapoiva. Kidari kibichi bila ngozi kina karibu kalori 120 kwa gramu 100, kilichoiva karibu 165. Gramu 200 mbichi hubaki kama 150 baada ya moto. Ukipima zile 150 zilizoiva ukazihesabu kama mbichi, unaandika 180, wakati umekula 240. Kanuni inayofaa ni moja: hali ya chakula kilipokuwa kwenye mizani ndiyo iwe hali unayoichagua kwenye programu. Ukiweza, pima kikiwa kibichi, maana ubichi haubadiliki kwa muda wa kukaa motoni.

Kisha mafuta, na hapa ndipo hesabu nyingi huvuja. Kijiko cha chakula cha kupimia, mililita 15, hubeba mafuta karibu gramu 13.6, yaani kalori 120. Lakini anayemimina kwa macho kutoka kwenye chupa hufika gramu 20 bila kuhisi chochote, na hizo ni kalori 180. Usitumie kijiko kabisa. Weka chupa kwenye mizani, soma uzito, mimina, irudishe, soma tena. Tofauti ndiyo mafuta yaliyoingia. Yakibaki kikaangoni baada ya kuepua, mimina kwenye kibakuli, upime na kutoa.

Tujumlishe sahani. Kilicholiwa: wali 321, kuku 240, mafuta 180, jumla 741. Kilichoandikwa na mtu aliyechagua wali wa programu, kuku kwa jina la mbichi, na kijiko kimoja cha mafuta: 325, 180 na 120, jumla 625. Amepungukiwa kalori 116, karibu 16%, na hakuna lebo hata moja iliyodanganya. Akisahau kuandika mafuta kabisa, anabaki na 505, pungufu ya karibu theluthi moja.

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji mizani kuligundua. Programu nyingi huruhusu watumiaji kuingiza vyakula wenyewe, na baadhi huingiza ovyo. Kabla ya kukubali chakula kipya, fanya hesabu ya Atwater kichwani. Tuseme programu inasema gramu 100 zina protini 20, wanga 30, mafuta 10, na kalori 190. Protini inatoa 80, wanga 120, mafuta 90: jumla 290. Hiyo 190 ni ya kutupa. Tofauti ndogo ni ya kawaida, hasa kukiwa na nyuzinyuzi nyingi au kileo, lakini tofauti ya theluthi nzima si kawaida. Ukiona namba kubwa kupita kiasi, angalia kama mtu hakuandika kilojuli mahali pa kalori. Gawanya kwa 4.184 uone kama inaleta maana. 800 inageuka 191. Ukisoma msimbopau kwa kamera, linganisha na pakiti iliyo mkononi mwako, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha mchanganyiko na taarifa za zamani hubaki kwenye programu.

Kwa hiyo utegemee kosa kiasi gani? Kwa makadirio yetu, chakula cha nyumbani kilichopimwa vizuri hukaa ndani ya 5% hadi 10%. Cha pakiti, ukipima unachokula badala ya kuamini idadi ya vipande, kama 10%, mara chache 20%. Kukadiria kwa macho, 30% na zaidi, na mara nyingi kuelekea chini. Kwa mikahawa inayotaja kalori, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts ulipima vyakula 269: kwa wastani namba zilikuwa karibu na ukweli, lakini karibu kimoja kati ya vitano kilizidi kilichotajwa kwa kalori 100 au zaidi.

Ukubwa wa kosa, hata hivyo, si jambo la kwanza la kuuliza. Uliza linaelekea wapi. Kosa la huku na huko, leo juu kesho chini, hujifuta lenyewe. Kama kila mlo unakosea kwa 20% bila upendeleo, wastani wa milo 21 ya wiki unakosea kwa kama 4% tu. Kosa la upande mmoja halijifuti hata ukihesabu mwaka mzima. Mafuta yasiyoandikwa hayazidi kuandikwa siku nyingine. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu, achana na lozi, shika chupa ya mafuta.

Njia ya kujua kama kuna uvujaji ni kuiuliza mizani ya mwili. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, na utumie wastani wa siku 7; maji peke yake yanaweza kukusogeza kilo moja au mbili. Tuseme kwa siku 28 umeandika wastani wa kalori 1,900, na programu inadai mwili wako unatumia 2,400. Upungufu wa 500 kwa siku ni 14,000 kwa jumla, na kwa kadirio la kalori 7,700 kwa kilo, ulitarajia kupungua kilo 1.8. Wastani wako umepungua kilo 0.6. Hizo ni kalori 4,620, sawa na 165 kwa siku. Zimepotea 335 kila siku.

Huwezi kujua kwa hesabu hii peke yake kama ulikula zaidi ya ulivyoandika au mwili unatumia chini ya 2,400, maana ile 2,400 nayo ni kadirio la uzito, urefu, umri na jinsia. Usikimbilie kukata chakula. Kwa wiki mbili pima mafuta kwa chupa, mchele ukiwa mkavu na nyama ikiwa mbichi, ondoa kalori za mazoezi ambazo saa au simu inakuongezea, kisha angalia wastani ulioandikwa umepanda kwa kiasi gani huku ukila vile vile. Ukipanda kutoka 1,900 hadi 2,150, basi 250 zilikuwa jikoni, na zile 85 zilizobaki zitoe kwenye makadirio ya matumizi: andika 2,315 mahali pa 2,400. Kwa wanaopata hedhi, linganisha wiki ile ile ya mzunguko na mzunguko uliofuata, la sivyo maji ya siku hizo yataharibu hesabu yote.