Haki za Dawa Kabla ya Sindano ya Artesunati: Kwa Wanafunzi Wanaoanza Wodi ya Watoto

Haki tano za mgonjwa katika utoaji wa dawa, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na muda sahihi, mtazikariri darasani wiki ya kwanza. Hapa nitazifuata kwenye dawa moja tu, artesunati ya sindano inayotolewa kwa malaria kali, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi jinsi haki moja inavyoweza kuiharibu nyingine. Dodoma malaria si nyingi kama ilivyo Kigoma au Geita, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukaa wodini muda mrefu bila kuichanganya dawa hii, kisha mvua zikaanza na akakabidhiwa kichupa usiku, mtoto akiwa anatetemeka kwa degedege.

Tumchukue mtoto wa kilo 10 aliyeletwa na bibi yake kutoka Bahi. Kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Usiulize, "Huyu ndiye Neema?", kwani bibi aliyechoka, na ambaye pengine Kigogo ndiyo lugha yake ya kila siku, ataitikia tu kwa heshima. Uliza, "Bibi, mjukuu wako anaitwa nani, na jina la baba yake ni nani?", kisha linganisha jibu na faili pamoja na chati ya dawa. Usitegemee namba ya kitanda, maana watoto wawili hulazwa kitanda kimoja wodi inapojaa. Uzito nao upimwe siku hiyo. Ule ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu iliyopita haufai kupigia hesabu.

Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na kuanzia kilo 20 kwenda juu ni miligramu 2.4 kwa kila kilo. Huyu wetu, basi, anahitaji miligramu 30. Soma kichupa kabla ya kukifungua, kwa kuwa kilichozoeleka ni cha miligramu 60, lakini vipo pia vya 30 na vya 120, na vipimo vya kuchanganyia hutofautiana.

Unga wa miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja ndani ya boksi lake, ukitikiswa hadi uwe maji maangavu; ukibaki na ukungu au chembe, kitupe kichupa hicho. Baada ya hapo ndipo njia inapoamua dozi. Kwa sindano ya mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kwa sindano ya msuli unaongeza mililita 2 tu, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Maji ya kawaida ya kuchanganyia sindano hayatumiki kwa dawa hii.

Kwa mshipa, mtoto wetu atapata mililita 3, zikisukumwa polepole kwenye kanula. Sasa fikiria kwamba mwenzako alichanganya kwa ajili ya msuli kwa sababu kanula ilikuwa imeziba, kanula mpya ikapatikana, nawe ukavuta mililita 3 kama ulivyohesabu. Jina, dawa na namba kwenye bomba vyote viko sawa, lakini mtoto amepata miligramu 60, dozi mara mbili. Dalili ipo mbele ya macho yako: kichupa kimekwisha. Kwa mtoto wa kilo 10 nusu ya mchanganyiko lazima ibaki, hivyo ukiona umevuta chote, simama kabla hujamgusa mtoto. Kosa la upande wa pili huonekana kwa shida zaidi, na mimi naliogopa zaidi: dawa iliyochanganywa kwa mshipa ikichomwa msulini kwa mililita 1.5, mtoto hupata miligramu 15 tu huku malaria ikiendelea.

Kwa hiyo muuguzi wa pili asionyeshwe jibu lako. Mpe uzito, kichupa na njia, ahesabu mwenyewe, kisha mlinganishe. Dawa ambayo hukuichanganya wala hukushuhudia ikichanganywa usiitoe, na iliyopita saa moja tangu kuchanganywa imwagwe.

Dozi ya pili hutolewa baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza, na sindano hizi tatu hazipunguzwi hata mtoto akiamka na kuomba uji. Andika muda baada ya kutoa, kwa mfumo wa saa 24: sindano ya saa mbili usiku iandikwe 20:00, kwa sababu "2:00" kwenye chati mmoja ataisoma saa mbili, mwingine saa nane, na dozi inayofuata ikasogea kwa saa sita. Baada ya hapo ni mara moja kwa siku hadi mtoto aweze kumeza, ndipo aanzishiwe dawa mseto kwa siku tatu kamili.