Re: Faida 30% kwa mwezi, niingie?

"Wakuu, wamenionyesha cheti cha BRELA, niweke laki 2?"

Salama mkuu. Usiweke kwanza. Konda wangu hapa Mbagala alishatoa hela ya wiki awatumie watu kama hao, nikamwambia piga hesabu, 200,000 ikikua 30% kila mwezi bila kutoa, mwaka ukiisha ni zaidi ya milioni 4.6, sasa biashara gani hiyo? Akawauliza, wakamjibu lete watu wawili. Yaani faida ni hela za wanaoingia nyuma yako, kama ule upatu wa DECI wa 2009. BRELA inasajili kampuni tu, kibali cha kukusanya hela za uwekezaji kinatoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Konda akawapigia CMSA, jina halipo, hela akabaki nayo. Wapigie na wewe kabla hujatuma.