Roboti wa duka kaniahidi punguzo

"Jana roboti wa duka wa WhatsApp kaniandikia punguzo la asilimia 10 kwa friji ya 850,000. Leo duka Kariakoo wanakataa. Niandike barua vipi?"

Mama Zai: Ukishaandikiwa ni mkataba, watake wasitake.

Baharia wa Sinza: Taratibu, mama. Kama ulimbembeleza roboti mpaka akakubali, au bei ni ya kichekesho, duka lina pa kujitetea. Kwanza, ndugu, usimuulize roboti tena. Huenda hakumbuki ya jana, atajibu lolote. Piga skrinishoti ya mazungumzo yote, swali lako lionekane pia. Kisha: "Meneja, jana saa 2:14 usiku roboti wenu aliandika hivi… Naomba niuziwe kwa 765,000. Tafadhali kagueni kumbukumbu zenu." Mwaka 2024 baraza moja la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti wake. Ila yule alishanunua tiketi. Wewe bado hujalipa.

Kijana wa Mbagala: Mimi yangu aliniahidi muuzaji, mtu kabisa, kisha akaacha kazi!

Mama Zai: Wakigoma je?

Baharia wa Sinza: Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Kwa 85,000 lakini, ningeanza kwa meneja.