Barua ya kuwaomba radhi wazazi baada ya ajali ya safari: kuandika kwa moyo bila kukiri dhima

*"Basi la safari ya shule liliacha barabara likagonga ukingo. Wanafunzi watatu wameumia, mmoja amevunjika mkono. Barua ya kwanza ya mwalimu mkuu ilibeba lawama zote, bodi ikaikataa. Ya pili imepita kwa wakili na sasa inasomeka kama notisi ya benki. Tuiandikeje upya?"*

Anzeni kwa kuziweka barua zote mbili mezani, mchukue kalamu, na mbele ya kila sentensi mwandike neno moja: pole, tukio, sababu au hatua. Mtagundua kwamba karibu hatari yote ya kisheria imo kwenye sentensi za "sababu", na karibu utu wote umo kwenye sentensi za "pole". Wakili alipoifyeka barua ya kwanza aliondoa zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana imebaki mifupa. Kazi yenu ni kurudisha pole yote, kueleza tukio kwa ukweli, na kuiacha sababu kwa wanaoichunguza.

Nadhani barua ya kwanza ilikuwa na maneno kama haya: "Tunakiri kwamba tulishindwa kuwalinda watoto wenu. Dereva alikuwa akienda kasi na hatukupaswa kumwamini. Tutagharamia kila kitu." Sentensi ya kwanza inatamka kwamba wajibu wa uangalizi umevunjwa, na hilo ndilo jambo ambalo mdai angetakiwa kulithibitisha mahakamani. Ya pili inataja sababu kabla polisi hawajamaliza kupima barabara na kukagua breki, tena inamtwika lawama mtu ambaye hajasikilizwa. Ya tatu ni ahadi isiyo na mpaka. Zaidi ya hayo, mikataba mingi ya bima ya dhima inamkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni ya bima, na kampuni inaweza kushikilia kifungu hicho ikagoma kulipa. Hapo anayeumia zaidi ni yule mtoto wa mkono, kwa sababu fedha za matibabu yake ndizo zinazokwama. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote pigieni bima, waarifuni ajali, na muwasomee rasimu.

Barua ya pili nayo ina ugonjwa wake: "Uongozi unasikitika endapo kuna mzazi aliyepata usumbufu kutokana na tukio hilo. Shule haitawajibika kwa lolote." Ondoeni "endapo". Mtoto amevunjika mkono, hakuna cha endapo. "Usumbufu" ni neno la foleni na umeme kukatika. Na ile sentensi ya kukana haina faida, kwani kukana dhima kwenye barua ya pole hakuifuti dhima iliyopo. Kunamwambia tu mzazi kwamba mmeshaanza kujitetea. Vivyo hivyo na maneno "bila kuathiri haki za upande wowote" ambayo watu hupenda kuyabandika juu ya barua. Yale ni ya mazungumzo ya kusuluhisha mgogoro. Hapa hakuna mgogoro bado, kwa hiyo kinga yake ni ndogo na ubaridi wake ni mkubwa.

Sasa rasimu ambayo ningeipeleka kwa wakili na bima:

> Wazazi na walezi wapendwa,
>
> Jana mchana basi lililowabeba watoto wetu kwenye safari liliacha barabara na kugonga ukingo. Wanafunzi watatu waliumia na wakapelekwa hospitali. Wawili wametibiwa na kuruhusiwa. Mmoja bado anatibiwa mkono. Familia zao tumezungumza nazo moja kwa moja.
>
> Tunasikitika sana, na tunawaomba radhi kwa maumivu na hofu waliyoipata watoto wakiwa safarini pamoja nasi. Mlitukabidhi watoto wazima asubuhi, na baadhi yenu mliwapokea hospitali. Tunajua jinsi hilo lilivyo zito.
>
> Chanzo cha ajali kinachunguzwa na polisi. Tunawapa kila wanachohitaji, na hatutabashiri kabla hawajamaliza. Safari zote za shule zimesimamishwa mpaka utaratibu wetu wa usafiri ukaguliwe.
>
> Ijumaa ya wiki ijayo tutawaandikia tena tuwaeleze tulichokijua mpaka siku hiyo. Kabla ya hapo, nipigieni mimi mwenyewe.

Angalieni aya ya pili kwa makini, maana ndiyo roho ya barua. Radhi inaombwa kwa kitu ambacho hakuna anayekibishia: maumivu na hofu. "Wakiwa safarini pamoja nasi" inataja mahali na uhusiano, wala haisemi uzembe wa nani. Lakini mzazi anaposoma anaona shule haijajitenga na jambo lenyewe. Wakili mwoga atataka "tunawaomba radhi" ibadilishwe iwe "tunatoa pole". Muulizeni sheria ya kwenu inasemaje kabla ya kukubali. England na Wales, Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Ontario nchini Kanada ina sheria ya namna hiyo tangu 2009, na inaongeza kwamba kuomba radhi hakubatilishi bima. Kwingine hakuna kinga iliyoandikwa, na hapo "tunasikitika sana" ndiyo njia salama. Hata penye kinga, inalinda radhi. Ukiambatanisha na "kwa sababu breki hazikukaguliwa", maneno hayo ya pembeni yanaweza kutumiwa dhidi yako.

Sentensi ya hatua nayo ina mtego ambao wengi hawauoni. "Kuanzia sasa madereva wetu hawatazidi mwendo" inamaanisha kwamba yule wa jana alizidi. "Safari zimesimamishwa mpaka utaratibu ukaguliwe" ni hatua nzito zaidi na haitaji chanzo chochote. Kuhusu matibabu, kama bima imekubali, andikeni kiasi hasa mlichokubaliana, kwa mfano kwamba shule inalipia matibabu ya dharura ya watoto hao watatu. Hilo liende kwenye barua za familia hizo tu.

Ndiyo, barua ziwe mbili. Wazazi wa walioumia wapigiwe simu kwanza na mwalimu mkuu, kisha wapate barua yao yenye jina la mtoto. Ya wazazi wote isitaje majina. Na walimu waliokuwemo ndani ya basi waombwe wasieleze chanzo kwenye makundi ya simu, kwani ujumbe mmoja wa "dereva alikuwa anasinzia" utaifunika barua yote. Wanachokijua wawaambie polisi, kikamilifu.

Mpaka wa njia hii ni ukweli. Msiandike "mikanda ilikuwepo na ilifungwa" kama hamjathibitisha; likigeuka, kila neno la pole litaonekana hila. Na kama mnajua tayari kwamba shule ilikosea wazi, mfano basi lilibeba watoto kuzidi viti, msitumie rasimu hii kujificha. Ketini na wakili na bima mkubaliane jinsi ya kulikubali kosa na kulipa mapema.

Ijumaa hiyo ikifika bila ripoti ya polisi, bado andikeni: semeni uchunguzi haujakamilika, mtoto wa mkono anaendeleaje ikiwa wazazi wake wameridhia itajwe, ukaguzi wa usafiri umefikia wapi, na tarehe nyingine ya kuwaandikia.